Uhalisia au Uliberali? Kuchagua Nadharia ya Kuongoza Insha, kwa Mfano wa Mafuta ya Uganda Yanayopita Kipevu

Katika mitihani ya uhusiano wa kimataifa, swali huja kwa sura ileile karibu kila muhula: "Kwa kutumia uhalisia na uliberali, chambua mgogoro mmoja wa kibiashara kati ya mataifa mawili. Alama 20." Mwanafunzi aliyesoma kwa bidii huanza na Thukidide na vita vya Athene na Sparta, akapita kwa Machiavelli na Hobbes, akafika kwa Morgenthau na Waltz, halafu akarudi nyuma hadi Kant kuanza upande wa pili. Akiinua kichwa, muda umekwisha na mgogoro wenyewe umepata mistari sita.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuchagua chochote. Karatasi nyingi za vyuo vyetu ni za saa mbili: swali la kwanza la lazima lina alama 30, na mengine mawili alama 20 kila moja. Dakika 120 kwa alama 70 ni kama dakika 34 kwa swali la alama 20, na ukitoa muda wa kusoma maswali hubaki thelathini na kitu. Humo huwezi kuzieleza nadharia mbili tangu mizizi yake na bado uchambue jambo. Lazima nadharia moja iongoze insha na nyingine iwe ya kuipinga. Hapo chini tunazilinganisha kwa mgogoro mmoja tu, ili ionekane ipi inastahili kuongoza, lini, na kwa nini.

Mgogoro wenyewe

Tumechagua mgogoro wa mafuta kati ya Uganda na Kenya wa 2023 hadi 2024. Una mwanzo na mwisho vinavyojulikana, kwa hiyo unaweza kupima nadharia ilibashiri nini na nini kilitokea. Tena mwanafunzi wa Mombasa anaweza kuuona kwa macho. Meli ya mafuta ikiingia Kilindini hupita mbele ya feri za Likoni, ikaenda kufunga kwenye gati la mafuta la Kipevu. Mafuta husukumwa hadi kwenye matangi ya Kipevu na Changamwe, yakaingia kwenye bomba la Kampuni ya Mabomba ya Kenya, yakapanda Nairobi, kisha Eldoret na Kisumu. Huko malori huyapakia na kuvuka Malaba au Busia. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya Uganda hupita njia hii.

Hadi mwaka 2023 Uganda haikuwa ikiagiza mafuta hayo yenyewe. Kampuni za Kenya ndizo zilizoleta meli, na wafanyabiashara wa Kampala wakanunua kwao. Machi 2023, Kenya ikiwa na uhaba wa dola, serikali yake ilitia saini mkataba na kampuni za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Mafuta yangekuja kwa mkopo wa siku 180, na kampuni chache za Kenya ziliteuliwa kuyapokea. Mafuta ya Uganda yalikuwa ndani ya hesabu hiyo, na Kampala ikalalamika kwamba inauziwa kupitia madalali wanaopandisha bei.

Novemba 2023 Uganda ilitangaza kwamba kampuni yake ya taifa ya mafuta, UNOC, ndiyo itakayoagiza peke yake, na muuzaji atakuwa Vitol ya Bahrain. Bunge lake likabadilisha sheria mwezi huohuo. Lakini ili UNOC ishushe mafuta Mombasa na kuyapitisha kwenye bomba, ilihitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli. Masharti ya leseni yalitaka mwombaji awe na bohari na vituo vya mafuta ndani ya Kenya, na UNOC haikuwa navyo. Tarehe 28 Desemba 2023 Uganda iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, na wakati huohuo ikawa inazungumza na Tanzania kuhusu njia ya huko. Mwanzoni mwa 2024 marais wawili walikutana. Machi leseni ikatolewa. Mei, Museveni alipokuwa Nairobi kwa ziara rasmi, makubaliano yakatiwa saini. Julai 2024 shehena ya kwanza ya UNOC ikafika Mombasa.

Kariri miezi mitano tu: Machi 2023 mkataba wa Ghuba, Novemba uamuzi wa Uganda, Desemba mashtaka, Machi 2024 leseni, Julai shehena. Mpangilio huo ndio utakaoamua hoja zako, kama itakavyoonekana.

Uhalisia unauona nini hapa

Kwanza neno lenyewe. Uhalisia katika somo hili si "kutazama mambo yalivyo", na anayeandika hivyo anaonyesha kwamba hakulisoma. Ni dai mahususi: hakuna serikali juu ya serikali, kwa hiyo kila dola hujilinda yenyewe, na katika kujilinda hutazama nguvu za jirani kuliko nia zake. Waltz, mwaka 1979, aliliweka dai hilo katika muundo wa mfumo mzima badala ya tabia ya viongozi. Ukitaja jina moja la uhalisia kwa swali la biashara, taja yeye au Joseph Grieco, ambaye mwaka 1988 alieleza kwa nini dola husita kushirikiana hata pale zote mbili zinapopata faida: kila moja huuliza ni nani atapata zaidi, maana faida ya leo ya mwenzako inaweza kuwa nguvu ya kukubana kesho.

Ukiutumia kwa mafuta, uhalisia unaanza na ramani. Uganda haina bahari. Lango lake liko mikononi mwa dola nyingine, na dola hiyo inaweza kulibana hata bila nia mbaya. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa mwisho wa 2007 zilipofunga barabara na reli kung'olewa Kibera, mafuta yaliadimika Kampala na Kigali, ingawa hakuna aliyekuwa ameitangazia Uganda uhasama. Hapo pana hoja bora ya uhalisia kuliko nukuu yoyote ya Machiavelli: hatari imo katika muundo, haimo katika moyo wa mtu.

Kutoka hapo mambo matatu yanafuatana vizuri. Uganda inakwepa kutegemea mlango mmoja, na ndiyo sababu mwaka 2016 iliamua bomba lake la mafuta ghafi lipite Tanga badala ya Kenya. Mpango wa Vitol nao ulikuja na ahadi ya akiba ya mafuta itakayowekwa Uganda na Tanzania, yaani kinga dhidi ya kufungiwa. Kenya kwa upande wake inatumia kile ilicho nacho, na haihitaji jeshi wala kufunga mpaka. Sharti la bohari na vituo vya mafuta linatosha. Kwa mtazamo huu leseni ni silaha iliyovaa suti ya kanuni. Mwenye lango naye ana lake la kulinda: mkopo wa siku 180 ulihesabiwa kwa kiasi cha mafuta kinachojumuisha ya Uganda, na kiasi hicho kikiondoka hesabu inaharibika.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na wanafunzi hupenda kuiweka methali hiyo hapa. Iweke ukitaka, lakini jihadhari na kosa inalolileta. Wengi huandika kwamba Kenya ilikuwa na nguvu kwa sababu uchumi wake ni mkubwa kuliko wa Uganda. Ukubwa wa uchumi si hoja. Albert Hirschman alikwisha kuonyesha mwaka 1945 kwamba nguvu katika biashara hutoka kwenye tofauti ya kutegemeana: nani ataumia zaidi biashara ikikatika, na nani ana pengine pa kwenda. Andika hivyo, na utakuwa umemzidi anayetaja pato la taifa.

Uliberali unauona nini

Uliberali nao haumaanishi chama cha siasa wala uhuru wa mtu kufanya atakavyo. Ni familia ya hoja zinazokubali kwamba hakuna serikali ya dunia, lakini zinakataa kwamba kila kitu kinafuata kutoka hapo. Familia hiyo ina matawi, na uchaguzi wa tawi ndipo insha nyingi zinapopotea. Mwanafunzi huandika "waliberali wanaamini demokrasia hazipigani", anamtaja Kant na mwaka 1795, na kujaza ukurasa. Katika mgogoro wa mafuta hakuna aliyetishia vita. Tawi la amani ya kidemokrasia halina kazi hapa, na kila mstari unaoliandikia ni muda unaolinyima tawi lenye kazi.

Yapo mawili yenye kazi. La kwanza ni la taasisi, la Robert Keohane wa mwaka 1984: taasisi hazizilazimishi dola, ila hupunguza gharama ya kuelewana. Huweka kanuni zinazojulikana, huonyesha nani kazivunja, na huwakumbusha wote kwamba watakutana tena mwakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkataba uliotiwa saini mwaka 1999, umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Nje ya Jumuiya, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, katika kifungu cha 125, unaipa nchi isiyo na bahari haki ya kupitisha bidhaa zake. Kampala haikufunga mpaka wala kulipiza kwa kuzuia bidhaa za Kenya. Ilipeleka karatasi Arusha. Kwa mhalisia hilo ni jambo la kushangaza kidogo, na kwa mliberali ni la kawaida.

Tawi la pili ni la Andrew Moravcsik wa mwaka 1997, na kwa maoni yetu ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa mgogoro huu. Linasema usianze na dola, anza na watu na makundi yaliyo ndani yake, kisha uliza ni kundi gani lililoishika sera. Uhalisia huiandika "Kenya" kana kwamba ni mtu mmoja. Ifungue Kenya uone. Kampuni ya mabomba hulipwa kwa kila lita inayopita bombani, na bandari hulipwa kwa kila meli inayofunga. Wote wawili wanataka mafuta ya Uganda yaendelee kupita Kipevu, na hawajali jina la nani limeandikwa kwenye hati ya shehena. Kampuni zinazoagiza mafuta ndizo zinazojali jina hilo, kwa sababu faida yao imo katika kuwa mwagizaji. Hazina ya serikali nayo inajali mkataba wa Ghuba.

Sasa tazama suluhisho la Machi hadi Julai 2024. Mafuta ya Uganda yanaendelea kupita Kipevu, yanaendelea kupita bombani, yanaendelea kulipiwa. Kilichobadilika ni jina la mwagizaji. Mabomba na bandari hazikupoteza kitu, na waliopoteza ni waagizaji wa Kenya. "Kenya" haikushindwa wala haikushinda: kundi moja ndani yake lilishindwa na lingine likalindwa. Uhalisia hauna macho ya kuona mgawanyiko huo, maana umejifunga kutotazama ndani ya dola.

Kila nadharia inapasukia wapi

Alama za juu ziko hapa, na ndiyo sehemu ambayo insha nyingi hazina. Kipimo ni chepesi kukieleza ingawa si chepesi kukitumia: iulize kila nadharia inakataza nini, kisha tazama kama kilichokatazwa kilitokea.

Uhalisia wa kawaida ulikataza Kenya kulegeza. Mwenye lango, mwenye mkataba wa kulinda, mbele ya mteja asiye na bahari, hana sababu ya kutoa leseni. Lakini aliitoa, na kati ya mashtaka na leseni haikupita hata miezi mitatu na nusu. Mhalisia mzuri hakati tamaa hapo. Atajibu kwamba Uganda ilikuwa na pa kwenda, na mazungumzo na Tanzania yaliigeuza mizani: Kenya ikaona bora mafuta yapite kwa jina la UNOC kuliko yasipite kabisa. Ni jibu lenye nguvu, na usilifiche. Ila tambua gharama yake. Akishasema Kenya iliogopa kupoteza mapato ya upitishaji, ameanza kuhesabu faida ya Kenya yenyewe badala ya kuipima dhidi ya faida ya Uganda. Amehamia nusu ya njia kuelekea kwa mliberali.

Uliberali wa taasisi nao unapasuka, na mahali penyewe ni dhahiri. Mtu akiandika "mahakama ya Arusha ilitatua mgogoro", amekosea ukweli. Leseni ilitoka baada ya marais kukutana, bila hukumu ya Arusha kuhusu kiini cha mgogoro. Mliberali anaweza kusema mashtaka yaliongeza gharama ya kukataa, na yaliigeuza hasira kuwa hoja za kisheria zinazojibika. Hiyo ni hoja halali, lakini ni ndogo kuliko "taasisi zilifanya kazi", na anayeipunguza hadi kimo chake anaonyesha ukomavu.

Pana kosa moja la majina ambalo linaharibu insha nzuri. Keohane na Joseph Nye, mwaka 1977, walitenganisha namna mbili za kutegemea. Moja ni wepesi wa kuumia: Kipevu ikifungwa leo, Kampala itahisi baada ya siku chache. Nyingine ni udhaifu wenyewe: maumivu yanayobaki hata baada ya kubadilisha sera, yaani gharama ya ziada ya kuleta mafuta kwa barabara ndefu ya Tanzania mwezi baada ya mwezi. Uganda ilikuwa nyepesi kuumia kupita kiasi, lakini udhaifu wake ulikuwa umepungua kwa sababu njia ya pili ilikuwa inawezekana. Tofauti hiyo inaeleza mgogoro huu kuliko dhana nyingine yoyote. Wanafunzi wengi huitumia vizuri, kisha huiandika chini ya uhalisia kwa sababu ina harufu ya nguvu. Ni ya waandishi wa upande wa pili, na msahihishaji anajua.

Ipi iongoze

Kwa mgogoro wa mafuta, uliberali wa makundi ya ndani uongoze, na uhalisia uwe mpinzani wake anayepewa mwanzo wa hadithi. Uhalisia unaeleza kwa nini mgogoro ulizaliwa. Uliberali unaeleza kwa nini uliisha kwa sura ile hasa uliyoishia. Swali likiuliza "chanzo", geuza mpangilio. Likiuliza "chambua" bila kutaja sehemu, fuata mwisho, maana mwisho ndio unaozitenganisha nadharia.

Sentensi ya msimamo inaweza kuwa hivi: "Insha hii inashikilia kwamba, ingawa hofu ya Uganda ya kutegemea lango moja inaeleza uamuzi wa Novemba 2023, utoaji wa leseni wa Machi 2024 unaelezwa vizuri zaidi na mgawanyiko wa maslahi ndani ya Kenya kati ya wanaolipwa kwa mafuta kupita na wanaolipwa kwa kuyaagiza." Ina tarehe mbili, ina hoja inayoweza kupingwa, na inamwambia msahihishaji aya zijazo zitafuatana vipi. Ilinganishe na ile inayoandikwa zaidi: "Nadharia zote mbili ni muhimu katika kuelewa mgogoro huu." Hiyo haiwezi kupingwa na mtu yeyote, kwa hiyo haisemi kitu.

Aya ya mwili nayo iende hatua nne bila kuzitangaza: dai la nadharia, tukio moja lenye tarehe, maelezo ya jinsi tukio linavyolithibitisha dai, na jibu la upande wa pili. Mfano: "Kwa Moravcsik, sera ya nje hufuata kundi lililoishika dola. Masharti ya leseni yaliyoizuia UNOC mwishoni mwa 2023 yalilinda faida ya waagizaji wa Kenya, lakini tishio la Uganda kuhamia Tanzania liliyagusa mapato ya bomba na bandari, na uzito ukahamia kwa makundi hayo. Mhalisia atasema ni tishio lenyewe lililofanya kazi, si makundi. Hata hivyo tishio hilohilo lisingeeleza kwa nini Kenya ilikubali kupoteza nafasi ya kuagiza huku ikishikilia nafasi ya kupitisha." Hiyo ni aya ya dakika sita au saba. Ukiwa na tatu za namna hiyo, utangulizi mfupi na hitimisho fupi, dakika zako zimetosha.

Swali likisema "mgogoro" bila "biashara"

Hapo usibebe jibu lilelile. Chukua mgogoro wa mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia, ambao ni wa pwani yetu pia, kule upande wa Lamu. Somalia ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague, Agosti 2014. Kenya ilitaka mstari unyooke kwenda mashariki sambamba na latitudo, Somalia ikataka uendelee kuelekea kusini mashariki, na kati ya mistari hiyo pana pembetatu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Machi 2021 Kenya haikushiriki katika usikilizaji wa kesi. Siku chache kabla ya hukumu ilitangaza kuacha kuitambua mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo. Tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikatoka, sehemu kubwa ya eneo ikaenda Somalia, na Kenya ikaikataa.

Hapa uhalisia uongoze. Tofauti haiko katika ubaya wa Kenya au wema wake, iko katika kitu kinachogombaniwa. Lita ya mafuta inayopita Kipevu huwaingizia fedha wote wawili. Kilomita ya mraba ya bahari, akiipata mmoja, mwingine ameikosa. Hofu ya nani atapata zaidi, ile ya Grieco, ina nguvu ndogo katika jambo la kwanza na kubwa sana katika la pili. Kabla ya kuchagua nadharia ya kuongoza, jiulize: akipata huyu, yule amepungukiwa kwa kiasi hichohicho? Ikiwa ndiyo, anza na uhalisia. Ikiwa wote wanaweza kupata, na ugomvi ni wa nani apate kipi, anza na uliberali.

Hata hapo mpe mpinzani haki yake. Kenya ilifika mbele ya mahakama hiyo na kupinga mamlaka yake kwa hoja za kisheria, na pingamizi lilipokataliwa Februari 2017 haikujitoa papo hapo. Mhalisia mkavu anapaswa kueleza kwa nini dola inayojali nguvu tu ilijisumbua miaka yote hiyo.

Ukibakiwa na dakika tano na hitimisho halijaandikwa, usirudie ulichosema. Andika jambo moja ambalo nadharia uliyoichagua haikuweza kulieleza. Kwa mafuta ya Uganda, ukiwa umeongozwa na uliberali, jambo hilo ni hili: kama bomba na bandari walitaka mafuta yapite tangu mwanzo, kwa nini leseni haikutoka Novemba, mpaka Uganda ilipoigeukia Tanzania?